Binti Akianza Kupenda

Tuseme binti yenu wa miaka 15, aliye kidato cha pili, ameandikiwa ujumbe wa mapenzi na mvulana wa darasa lake, nanyi mmeuona katika simu ya nyumbani. Wengi hapo hukataza kabisa. Lakini angalieni katazo hilo lafanya nini. Ikiwa kuonana naye popote ni kosa moja lenye adhabu moja, basi kuzungumza naye nje ya kanisa mbele ya watu, na kukutana naye katika chumba kilichofungwa, kwa mtoto ni sawasawa. Atachagua pale asipoonekana.

Mwaka 2000 wataalamu Håkan Stattin na Margaret Kerr walitoa uchunguzi wao juu ya vijana wa miaka 14 huko Uswidi. Waliona kwamba mambo wazazi wayajuayo juu ya watoto wao hutokana zaidi na yale watoto wanayoyasema kwa hiari, kuliko kuwahoji na kuwachunga. Basi mpaka mwema humwachia mtoto njia ya kusema kweli.

Jioni ile mama na amwambie: “Mwanangu, nimeuona ujumbe huu. Sikukuita nikupige, nataka kumjua kijana huyo.” Amwulize umri wake, kwao ni wapi, na huonana wapi. Kisha ataje mipaka michache iliyo wazi: waonane barazani au penye watu wazima, wala si chumbani, arudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni, asitume picha ya mwili wake, kwani ikishatumwa hairudi. Tena amweleze bila kuzungukazunguka kwamba tendo la ndoa ni la wenye ndoa, na kwamba kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1998, kulala na msichana wa umri wake ni ubakaji hata kama amekubali. Kijana naye aweza kushtakiwa.

Akichelewa nusu saa na kusema kweli, adhabu iwe ya kuchelewa tu: Jumamosi ijayo asitoke. Mkifuta ruhusa yote kwa ajili ya nusu saa, mara ya pili atatunga uongo.

Mtajuaje kwamba mambo yameingia gizani? Jina la kijana, lililokuwa likitajwa, halitajwi tena. Ameonekana na simu msiyoijua. Safari zake zina maelezo marefu asiyoulizwa. Hapo msiongeze makatazo kwanza. Mwulizeni ni mpaka gani uliomshinda, na kwa nini.

Lakini kama mwenye kumwandikia ni mtu mzima, au mwalimu, au ampa fedha, hapo hapana mapatano ya baraza wala saa. Huyo akatazwe kabisa, na habari ipelekwe katika dawati la jinsia na watoto la polisi. Binti naye asiadhibiwe kwa kuwa amesema.