Salio Mbili, Akaunti Moja: Kwa Nini Hela Ipo na Huwezi Kuitoa

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilikaribia kumvunjia heshima mjomba wangu kwa sababu ya namba mbili kwenye risiti ya ATM.

Mjomba anaishi Nyamisangura, pale Tarime mjini. Aliuza mahindi, akaniandikia hundi ya shilingi 850,000 kwa ajili ya ada. Ijumaa jioni nikaiweka benki, Jumamosi nikapanda basi kurudi chuo. Jumatatu asubuhi naomba laki sita, mashine imegoma. Naangalia salio: Ledger Balance 990,000, Available Balance 75,000. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mjomba kanipa hundi hewa. Simu ilikuwa tayari mkononi.

Nilipoenda dirishani, dada wa benki aliniambia, "Mdogo wangu, hela yako haijapotea. Haijafika tu."

Wale tuliokwenda mazoezi ya kufundisha tutaelewa haraka. Daftari la mahudhurio lina wanafunzi 45, lakini leo waliokaa darasani ni 38. Namba zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Salio la leja ni jumla ya yote yaliyoandikwa kwenye akaunti yako. Salio linalopatikana ni kile unachoweza kutoa sasa hivi.

Tuanze na hundi. Hundi siyo hela. Ni agizo kwa benki ya mjomba inilipe. Benki yangu iliandika 850,000 siku ileile niliyoiweka, ndiyo maana leja ilipanda. Lakini benki ya mjomba ilikuwa bado haijasema ndiyo. Tangu 2015, Benki Kuu ya Tanzania ina mfumo wa kielektroniki ambao karatasi haisafiri tena, inasafiri picha yake. Benki ya mwandishi inakagua sahihi, tarehe na kama hela ipo, na kwa kawaida jibu linapatikana siku ya kazi inayofuata. Mimi niliiweka Ijumaa baada ya muda wa mwisho wa kupokea hundi. Kwa hiyo ikahesabiwa ya Jumatatu, na jibu lake ni Jumanne. Jumamosi na Jumapili hazikuwemo kwenye hesabu.

Pili ni zuio. Jumamosi, njiani, nilichanja kadi dukani nilipe 60,000. Mashine ikasema muamala umeshindikana, nikalipa keshi. Kumbe benki yangu ilishakubali na kutenga 60,000 kabla mtandao haujakatika. Hela iliyotengwa haijatoka, kwa hiyo leja haishuki, imefungiwa tu. Mwisho kuna 5,000, kiwango cha chini ambacho akaunti yangu lazima ibaki nacho.

Sasa piga hesabu:

```
990,000 - 850,000 - 60,000 - 5,000 = 75,000
```

Shilingi kwa shilingi, hakuna kilicholiwa.

Ukichukua taarifa ya akaunti, utatambuaje kilichosababisha pengo? Angalia safu mbili za tarehe. Moja ni siku muamala ulipoandikwa. Nyingine imeandikwa Value Date, yaani siku hela inapoanza kuwa yako. Hundi yangu iliandikwa Ijumaa, Value Date ilikuwa Jumanne. Zuio la kadi hutaliona kwenye mstari wowote, kwa sababu bado halijaandikwa kwenye leja. Ukishatoa hundi na kiwango cha chini, pengo likabaki, uliza benki kuhusu zuio. Nenda na karatasi ya mashine iliyoonyesha muamala umeshindikana.

Hapa wengi hujichanganya. Kama muamala ulifanikiwa, duka likidai hela yake, zuio linaondoka na leja inashuka kwa kiasi kilekile. Salio linalopatikana halibadiliki. Mtu anaona leja imeshuka, anapiga kelele kwamba amekatwa mara mbili. Linganisha salio linalopatikana la kabla na baada: kama ni lilelile, hujakatwa mara mbili.

Hatari kubwa zaidi iko kwa anayeuza. Mnunuzi anakuja na risiti ya benki kwamba ameweka hundi kwenye akaunti yako, na ukiangalia leja kweli imepanda. Unamkabidhi ng'ombe. Kesho yake hundi inarudi, benki inafuta maandishi yake, pengine inakutoza na ada, na ng'ombe ameshavuka mpaka. Leja haikukudanganya, haikuwahi kusema hela imefika.

Hundi ya mjomba ilipita Jumanne, nikalipa ada siku hiyohiyo. Zile 60,000 zilifunguliwa siku chache baadaye. Mjomba nilimpigia, lakini kumwambia asante.