Kipandauso kwa Mtoto wa Shule: Dawa Mapema, Kipimo Kamili

Kipandauso cha mtoto hakifanani sana na cha mtu mzima. Mkubwa mara nyingi huumwa upande mmoja wa kichwa, ila mtoto wa shule ya msingi atakuonyesha paji lote la uso. Maumivu yanaweza kwisha baada ya saa 2, na yasipotibiwa yanaweza kufika siku 3. Mtoto hupauka, hukataa chakula, hutapika, na kelele humuudhi. Akiwa mdogo hawezi kueleza kwamba mwanga unamuumiza, lakini utamkuta amejifunika shuka gubigubi mchana kweupe. Akishalala usingizi mzito huamka mzima, anaomba chai, anatoka kwenda kucheza. Hapo ndipo wakubwa humshuku kwamba alikuwa anakwepa shule. Wasimshuku, maana ndivyo ugonjwa huu unavyokuja na kuondoka.

Jambo moja la kuangalia kwanza ni joto la mwili. Kipandauso hakileti homa. Mtoto akiwa na homa na kichwa kinamuuma, mpeleke kituoni akapimwe malaria na kuchunguzwa. Usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha, na usimpe ibuprofeni kabla hajaonwa, hasa ukanda wa pwani ambako dengi huzuka mara kwa mara, kwa sababu ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengi.

Kipimo hutoka kwenye mizani

Dawa ya kwanza ni ibuprofeni, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Asiyeweza kuitumia hupewa parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo. Zote zinapatikana karibu kila duka la dawa na bei yake si kubwa. Wazazi wengi husema zimeshindwa, kumbe zilitolewa kidogo mno, tena zikiwa zimechelewa.

Chukua mtoto wa miaka 8 mwenye kilo 24. Ibuprofeni anayohitaji ni miligramu 240. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 100 katika kila mililita 5, kwa hiyo anapaswa kupata mililita 12. Mama yake alikuwa akimpa kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa kuwa hicho ndicho alichokipima tangu mtoto akiwa na mwaka mmoja. Hiyo ni chini ya nusu ya kipimo, na ni kawaida kichwa kisisikie. Kwa parasetamoli, mtoto huyohuyo anahitaji miligramu 360. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 15. Soma namba hizo kwenye chupa kila unaponunua, maana nguvu ya dawa hutofautiana. Pima kwa kikombe cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano, usipime kwa kijiko cha jikoni. Mwambie mfamasia uzito wa mtoto, na kama maandishi ya boksi yanataja kipimo tofauti, mwache yeye akuhakikishie.

Ibuprofeni isizidi mara 3 kwa siku, na kati ya dozi zipite saa 6 hadi 8. Parasetamoli isizidi mara 4, kila baada ya saa 6. Ukitoa ibuprofeni na saa 2 zikapita bila nafuu, unaweza kumpa parasetamoli, kwa kuwa ni dawa tofauti. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, au pumu inayochochewa na dawa za maumivu asipewe ibuprofeni. Vivyo hivyo aliyeishiwa maji kwa kuhara au kutapika sana.

Aspirini haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo. Imo ndani ya baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kimoja kimoja dukani, kwa hiyo kidonge usichojua kimetengenezwa na nini usimpe.

Saa ya kwanza

Dawa hufanya kazi vizuri ikimezwa mwanzoni, kabla tumbo halijachafuka. Kipandauso kikishakolea, tumbo hulegea na dawa hukaa humo bila kuingia mwilini. Tatizo ni kwamba shambulio mara nyingi huanzia darasani. Mwalimu anamruhusu mtoto arudi nyumbani, mtoto anatembea juani au anasubiri daladala, na hadi anafika ameshatapika mara 2. Omba barua kituo cha afya inayotaja jina la dawa na kipimo, uipeleke kwa mwalimu mkuu, na mkubaliane dawa itunzwe ofisini pamoja na mahali pa kumlaza.

Akishameza, alale. Usingizi nao ni tiba, usimwamshe ale. Kama bati linachemka mchana, tafuta chumba chenye kivuli zaidi, tundika khanga nzito dirishani, zima redio na televisheni, muwekee kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwenye paji la uso. Apige funda ndogondogo za maji. Akitapika papo hapo na dawa ukaiona, unaweza kurudia mara moja. Muda ukiwa umepita, usirudie, mpeleke kituoni kama hatulii.

Hesabu siku za dawa

Weka alama kwenye kalenda ukutani kila siku aliyoumwa na kila siku aliyomeza dawa. Dawa za maumivu zisizidi siku 2 au 3 kwa wiki. Anayezimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe.

Lini uende kwa bingwa

Nenda hospitali bila kungoja ikiwa shingo imekakamaa, maumivu yamelipuka ghafla kupita yote ya awali, mtoto amepata degedege, amelegea upande mmoja, anaongea kwa shida, au alianguka na kugonga kichwa. Mwenye selimundu akiumwa kichwa vibaya asisubiri hata kidogo, kwa sababu yuko kwenye hatari ya kiharusi. Maumivu yanayomwamsha usiku au kumtapisha kila asubuhi, yanayozidi wiki hadi wiki, au yanayofuatana na kuyumba na kuona viwiliviwili, yanahitaji daktari ndani ya siku chache, si miezi.

Safari isiyo ya dharura ni ya mtoto anayeumwa siku 4 au zaidi kwa mwezi, anayekosa masomo, au ambaye kipimo kamili kilichotolewa mapema hakimsaidii. Aliyeona mistari ya kumetameta kabla ya kuumwa kwa mara ya kwanza naye achunguzwe. Anzia hospitali ya wilaya uombe rufaa kwa bingwa wa watoto au wa mishipa ya fahamu, na ubebe ile kalenda. Bingwa anaweza kuandika dawa za kundi la triptani, kama rizatriptani, ambazo huchaguliwa kwa umri. Hizo si za kujinunulia.

Usishangae asipoharakisha kumpa dawa ya kumeza kila siku ili kuzuia mashambulio. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha amitriptilini na topirameti dhidi ya vidonge visivyo na dawa kwa watoto wa miaka 8 hadi 17. Makundi yote matatu yalipata nafuu kwa kiasi kilekile, na waliomeza dawa halisi ndio waliosumbuliwa zaidi na madhara. Kwa hiyo huenda akaanza kwa kukuuliza mtoto hulala saa ngapi, hunywa maji kiasi gani, na kama huondoka asubuhi bila kula.