Akina mama wa foleni si akina mama wa kata nzima

Nikisomea wanafunzi rasimu zao, naanzia sura ya mbinu, pale panaposema watafitiwa walipatikanaje. Mara nyingi nakuta "walichaguliwa kwa nasibu", kumbe aliyehojiwa ni yeyote aliyekuwa karibu. Ili uchague kwa nasibu lazima uwe na orodha ya kuchagulia. Kama hukuwa nayo, sema tu kwamba uliwahoji waliopatikana kirahisi, kisha eleza walipatikana wapi na saa ngapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti wa Tanzania amewauliza akina mama 120 kwenye foleni ya kliniki kama mtoto alilala ndani ya chandarua usiku uliopita. 96 wamejibu ndiyo, yaani asilimia 80. Ningeandika hivi:

"Tuliwahoji akina mama walioleta watoto kliniki siku za kazi, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kliniki hii tuliichagua kwa sababu iko karibu na chuo. Tuliwaomba 150; 30 walikataa, wengi wakisema wana haraka."

Hiyo sababu ya ukaribu usiionee haya, msomaji anaihitaji. Waliokataa nao wahesabu papo hapo, alama moja moja kwenye daftari, maana jioni hutakumbuka.

Sasa mipaka. Wengi humaliza kwa "matokeo haya hayawezi kujumlishwa", sentensi ya kujikinga isiyomsaidia mtu. Afadhali useme kosa linaelekea upande gani. Kliniki ndiko wajawazito na watoto wanaofikia chanjo ya surua wanakopewa vyandarua, kwa hiyo anayehudhuria ana nafasi kubwa ya kuwa na chandarua kuliko asiyehudhuria. Basi andika: "Miongoni mwa akina mama tuliowahoji, asilimia 80 walisema mtoto alilala ndani ya chandarua. Kwa kuwa kliniki hugawa vyandarua, huenda kiwango cha kata nzima ni cha chini zaidi. Sampuli hii haituwezeshi kusema ni cha chini kiasi gani."

Kuna anayetaka kuongeza "kati ya asilimia 73 na 87" ili hesabu ipendeze. Mimi huifuta. Kipimo hicho hukadiria yumbayumba ya kura ya nasibu tu, wala hakimgusi mama aliyebaki nyumbani. Hata ukihoji 1,200 kwenye foleni ileile, kitapungua upana huku upendeleo ukibaki palepale.

Penye hatari kubwa ni ikisiri na mapendekezo, maana huandikwa mwisho, mtu amechoka. Hapo "waliohojiwa walisema" hugeuka kuwa "akina mama wa kata hii wanatumia". Kwa hiyo tafuta neno "kata" kwenye faili lote, na kila linapotokea jiulize kama ulihoji kata au foleni. Pendekezo linaloweza kusimama juu ya data hii ni la kliniki yenyewe: wauguzi wawaulize wale 24 waliojibu hapana kama chandarua hawana, au wanacho ila hawakukitumia.