Dondoo muhimu: Ukiamua kubaki kwa sasa

Umegundua mumeo ametoka nje ya ndoa, nawe hujaamua kuondoka. Hasira ikipoa, mwandikie mambo yanayoweza kuhakikishwa. "Badilika" haipimiki. Mfano:

"Baba Neema, nimebaki kwa sasa, lakini sijasamehe. Mwandikie huyo mwanamke mbele yangu kwamba yameisha. Akikutafuta, niambie siku hiyo hiyo. Twende wote tukapime. Nikikuuliza, niambie ukweli wote. Baada ya miezi 3 tutakaa tena, nami nitaamua."

• Vipimo: Kipimo cha VVU cha mapema kinaweza kukosa maambukizi mapya. Rudieni miezi 3 baada ya mara yake ya mwisho na mtu huyo. Hadi hapo, tumieni kondomu.

• Ukweli: Ukitolewa vipande vipande, kila kipande huwa usaliti mpya. Uliza unachohitaji kujua ili uamue. Mambo ya kitandani yatakutesa bure.

• Mpaka: Usiweke sharti usiloweza kulisimamia. Ukisema utaondoka, jua mapema utalala wapi na watoto.

• Usalama: Akikupiga au kukutisha, masharti yameisha. Ondoka kwanza.