Jibu la Nyuma ya Karatasi: Lipimeni Kabla ya Kuliamini



Katika kikundi chetu tuna darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, watu wakishatoka shambani. Wako vijana wanaorudia hesabu ya kidato cha nne, na wako akina mama wawili na baba mmoja waliojiandikisha kufanya mtihani huo kama watahiniwa wa kibinafsi. Vitabu ni vichache. Kwa hivyo tulichanga pesa tukanunua mjini fungu la karatasi za fotokopi, maswali mbele na majibu nyuma. Tulizifurahia sana, lakini kwa juma moja tu.

Jioni moja mmoja wa wale akina mama alifanya swali la 14. Alihangaika nalo karibu saa nzima, akapata 20. Akafungua nyuma, akaona 16. Bila kumwambia mtu alichukua raba akafuta ukurasa mzima, akaanza kutafuta njia ya kufikia 16. Mwalimu mstaafu anayetusaidia alipopita alimkuta amekunja uso. “Mama, mbona umefuta?” “Si nimekosa, mwalimu. Karatasi inasema 16.” Mwalimu akaketi, akasoma swali polepole. Kumbe mama alikuwa sahihi. Karatasi ndiyo iliyokosa.

Tangu siku hiyo hatufuti kitu kabla ya kulipima jibu la karatasi. Njia tunazotumia ni mbili. Ya kwanza ni kukadiria, ya pili ni kulirudisha jibu ndani ya swali. Tutaonyesha zote kwa swali hilohilo, kwa maana linafundisha mengi.

Swali lilikuwa hivi: Wanachama wa kikundi walipanga kununua tangi la maji la shilingi 24,000, wachange sawasawa. Kabla ya kulipa, wanachama 4 walijitoa. Ikabidi kila aliyebaki aongeze shilingi 300. Je, mwanzoni wanachama walikuwa wangapi?

Kukadiria ni kujaribu namba rahisi, zinazogawanyika vizuri, ili tujue jibu liko upande gani. Tuseme walikuwa 12. Kila mtu angetoa 2,000. Wakitoka 4 wanabaki 8, na kila mmoja anatoa 3,000. Nyongeza ni 1,000, nayo ni kubwa mno, maana swali linasema 300. Basi wanachama walikuwa zaidi ya 12. Tuseme walikuwa 24. Kila mtu 1,000. Wanabaki 20, kila mmoja 1,200. Nyongeza ni 200, nayo ni ndogo. Basi walikuwa chini ya 24.

Hapo tayari tunajua jibu liko kati ya 12 na 24, na hatujaandika x hata moja. Tena 300 iko karibu na 200 kuliko ilivyo karibu na 1,000, kwa hivyo tunategemea jibu liwe upande wa 24. Jibu la 16 linaanza kutiliwa shaka, lakini shaka si hukumu. Namba 16 na 20 zote ziko ndani ya mipaka yetu. Kukadiria kungetupa haki ya kukataa jibu kama 160 au 6 palepale, lakini kuchagua kati ya 16 na 20 kunahitaji njia ya pili.

Kulirudisha jibu ndani ya swali ni kusoma swali upya kama habari iliyotokea kweli, ukiweka lile jibu mahali pake. Tuanze na 16. Wanachama 16 wanunue tangi la 24,000, kila mmoja 1,500. Wanne wakajitoa, wakabaki 12, kila mmoja 2,000. Nyongeza ni 500. Swali linasema 300. Haikubali. Sasa 20. Wanachama 20, kila mmoja 1,200. Wanne wakatoka, wakabaki 16, kila mmoja 1,500. Nyongeza ni 300 kamili. Imekubali.

Mtaona kwamba hiyo 16 imejitokeza. Ni idadi ya waliobaki! Tulipochunguza kazi ya karatasi tukaelewa kosa lilipotokea. Mwandishi alisema x iwe idadi ya waliobaki, akapanga hesabu yake vizuri, akafikia mstari huu:

x² + 4x − 320 = 0

Akapata x = 16 (na −20, ambayo aliitupa kwa sababu watu hawawezi kuwa pungufu ya sifuri). Kisha akasahau kwamba swali liliuliza wa mwanzoni, na kwamba ilimpasa kuongeza wale 4.

Hapa tunaomba mwende polepole, maana wengi wetu tulianguka hapa. Kijana mmoja alibisha. Alisema yeye amelirudisha 16 na limekubali. Akaonyesha ubaoni: 16 mara 16 ni 256, kuongeza 4 mara 16 ambayo ni 64, jumla 320, kutoa 320 ni sifuri. Ni kweli. Lakini alilirudisha kwenye mstari wa katikati, si kwenye swali. Mstari wa katikati uliandikwa na yuleyule aliyekosa. Ukimpima mtu kwa mizani yake mwenyewe, atakuwa sawa siku zote. Jibu lirudishwe kwenye maneno ya swali lenyewe, yale ya tangi na wanachama na shilingi 300.

Jambo lingine tulilojifunza ni kwamba jibu lirudishwe kwenye kila sentensi ya swali, si kwenye sentensi moja tu. Katika karatasi hizohizo kulikuwa na swali la kikundi kilichonunua mbuzi na kondoo, jumla yao 13, kwa shilingi 58,000. Mbuzi mmoja ni 5,000, kondoo mmoja ni 4,000. Karatasi ikasema mbuzi 7 na kondoo 6. Ukiwahesabu wanyama, 7 na 6 ni 13, unaridhika unafunga daftari. Lakini pesa je? Mbuzi 7 ni 35,000 na kondoo 6 ni 24,000, jumla 59,000. Imezidi elfu moja. Ni mbuzi 6 na kondoo 7: 30,000 na 28,000, hapo 58,000 inatimia. Aliyechapa alibadilisha mahali pa namba mbili, basi. Makosa ya namna hii katika karatasi za fotokopi tumeyaona mara nyingi kuliko makosa ya hesabu yenyewe.

Je, na pale jibu letu linapokaribia la karatasi lakini si sawasawa? Hili linawasumbua hasa wanaofanya hesabu za mkopo. Mfano: shilingi 20,000 zimekopwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba ikizaa riba, miaka 3. Deni ni kiasi gani? Kwanza kadirieni. Asilimia 12 ya 20,000 ni 2,400. Kwa miaka 3, kama riba haizai, ni 7,200, deni 27,200. Kwa kuwa hapa riba inazaa, jibu lazima lipite 27,200, ingawa si kwa mengi.

Mmoja wetu alipata 28,098.56. Karatasi moja ilisema 28,100, na nyingine ya duka lingine ilisema 27,200. Tulizirudisha zote mbili. Kurudi nyuma hapa ni kugawanya kwa 1.12 mara tatu, mwaka mmoja mmoja, mpaka tufike kwenye pesa zilizokopwa. Ile 28,100 inashuka hadi 25,089, kisha 22,401, kisha 20,001. Tofauti ni shilingi moja. Hilo si kosa, ni kwamba aliyeandika alikaza namba hadi mia iliyo karibu. Ile 27,200 inashuka hadi 24,286, kisha 21,684, kisha 19,360. Shilingi 640 zimepotea. Hapo hakuna cha kukaza namba. Mwandishi alisahau kwamba riba inazaa, na jibu lake ni lile tulilokwisha kulikataa kwa makadirio kabla ya kushika kalkuleta. Basi mkiona tofauti, msiulize tu kama ipo. Ulizeni ni kubwa kiasi gani baada ya kurudi mwanzo.

Jibu la karatasi likikataa, msikimbilie kuitupa. Angalieni kwanza kama mmesoma namba ya swali iliyo sawa, na kama ukurasa wa majibu ni wa karatasi hiyohiyo. Sisi tuliwahi kulaumu majibu sita mfululizo, tukaja kugundua kwamba ukurasa ulikuwa wa seti nyingine, mwenye mashine alizichanganya wakati wa kubana pini. Halafu someni swali tena kwa sauti, mtu mwingine akisikiliza. Mkilielewa vibaya nyote, mtalirudisha jibu kwenye swali mlilolibuni wenyewe, na jibu baya litakubali.

Tuseme pia pale njia hii isipofika. Swali la kuchora pembe kwa rula na bikari, au linalosema “onyesha kwamba”, halina namba ya kurudisha. Na jibu likikubali, halisemi kazi iliyoandikwa juu yake ni njema. Katika mtihani wa kidato cha nne alama nyingi hutolewa kwa njia, si kwa namba ya mwisho peke yake. Ndiyo maana yule mama wa swali la 14 alipoteza zaidi alipofuta. Namba 20 angeikumbuka, lakini mistari minane iliyomfikisha kwenye 20 ilibidi aiandike upya kesho yake.

Kwa mkutano wenu ujao, fanyeni hili. Kikundi kilikodi basi kwa shilingi 36,000, abiria wachange sawasawa. Siku ya safari watu 5 hawakutokea, ikabidi kila aliyekuja aongeze shilingi 240. Je, waliopanga kusafiri mwanzoni walikuwa wangapi? Karatasi yetu inasema 25. Kadirieni kwanza kwa watu 20, halafu kwa watu 40, ndipo mlirudishe hilo 25 ndani ya basi mwone nauli inasemaje.