Kufuli la Fomula

Mzazi apokeapo karatasi ya maendeleo ya mtoto wake mwisho wa muhula, huziona alama zimepangwa vizuri, jumla na gredi mahali pake. Ni wachache wajuao zilivyofika hapo. Siku hizi, katika shule nyingi, mwalimu wa taaluma hutengeneza kiolezo kimoja katika programu ya Excel, akakipeleka kwa walimu wa masomo, na kila mmoja hujaza alama zake na kukirudisha. Basi somo letu la leo lahusu kiolezo hicho, na jinsi kinavyoweza kumdhulumu mwanafunzi pasipo mtu kukusudia.

Shule moja ya huku kwetu, kando ya barabara ya Moshi, ambayo hatutaitaja jina, ilikuwa na kiolezo cha namna hii. Safu B ilikuwa ya majina, C alama za mtihani wa kati, D alama za mtihani wa mwisho. Safu E ilitoa wastani na F ikatoa gredi. Majina yalianzia mstari wa 5. Fomula za mstari huo zilikuwa hizi:

```
E5: =IF(COUNT(C5:D5)=2,ROUND(AVERAGE(C5:D5),0),"")
F5: =IF(E5="","",IF(E5>=75,"A",IF(E5>=65,"B",IF(E5>=45,"C",IF(E5>=30,"D","F")))))
```

Muhula wa kwanza kiolezo kilikuwa wazi chote. Mwalimu mmoja alipata 64 na 58 za msichana mmoja, akapiga wastani kwa kichwa, akaandika 61 katika safu E kwa mkono wake. Hesabu ilikuwa sahihi, wala hakuna aliyeona kosa. Lakini kwa kuandika 61 aliifuta fomula iliyokuwa pale. Baada ya siku mbili iligundulika kwamba ile 58 iligeuzwa tarakimu. Alama ya kweli ilikuwa 85. Akaisahihisha katika safu D. Wastani wa 64 na 85 ni 74.5, na fomula ingeukamilisha kuwa 75, yaani A. Lakini fomula haikuwapo tena. Seli ilibaki na 61, na msichana akapelekewa C nyumbani. Kosa la namna hii ni baya kwa sababu halipigi kelele.

Muhula wa pili mwalimu wa taaluma akasema, sasa nitafunga. Akabonyeza `Review`, kisha `Protect Sheet`, akaweka neno la siri, akatuma. Kesho yake simu zikaanza kulia. Kila mwalimu aliyejaribu kuandika alama aliletewa maneno haya:

```
The cell or chart you're trying to change is on a protected sheet.
```

Maana yake ni kwamba seli unayotaka kuibadili imo katika karatasi iliyolindwa. Akachoka kujibu, akawapa wote neno la siri. Wakaondoa ulinzi, wakajaza, na mambo yakawa kama muhula wa kwanza.

Alikosea wapi? Hakujua kwamba Excel ina mambo mawili, si moja. Kila seli ya karatasi mpya huzaliwa na alama iitwayo `Locked`, maana yake imefungwa. Alama hiyo peke yake haifanyi kazi yoyote. Ni kama mlango wenye kitasa ambacho ufunguo haujazungushwa. `Protect Sheet` ndiyo huuzungusha ufunguo, na huuzungusha katika milango yote yenye kitasa kwa mara moja. Kwa hiyo hapana budi kwanza uviondoe vitasa kwenye milango ya kuingilia, ndipo ufunge nyumba.

Kazi yenyewe ni hii. Tuseme darasa lina wanafunzi 48. Usiishie mstari wa 52, maana karatasi ikiisha kulindwa fomula hazitajinyoosha zenyewe mgeni akiandikishwa katikati ya muhula. Vuta fomula za E na F mpaka mstari wa 64; zitakaa kimya mpaka alama zote mbili ziandikwe. Kisha chagua seli B5 mpaka D64, ubonyeze `Ctrl+1`, ufungue ukurasa wa `Protection`, uondoe tiki kwenye `Locked`, halafu `OK`. Ukipenda, zipake rangi ya manjano hafifu ili mwenzako ajue penye ruhusa. Safu E na F usiziguse. Zina kitasa tangu kuzaliwa.

Sasa nenda `Review`, kisha `Protect Sheet`. Utaona orodha ya mambo unayoweza kuruhusu. Mimi huondoa tiki kwenye `Select locked cells` na kuiacha kwenye `Select unlocked cells`. Hapo mwalimu hawezi hata kuiweka kasa juu ya fomula, na kila abonyezapo `Tab` atatoka B5 kwenda C5, D5, kisha B6, bila kukanyaga E wala F. Yale maneno ya kukatazwa hatayaona kabisa. Kabla ya kutuma, jaribu mwenyewe: andika 64 na 85 katika C5 na D5, uone kama 75 na A vinatokea.

Neno la siri si lazima. Ukiliweka, kumbuka herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti, na ukilisahau Microsoft hawawezi kukurudishia. Tena kufuli hili ni la kuzuia mkono ulioteleza, si mwizi. Mjuzi akitaka kulivunja atalivunja. Usilitegemee kuficha siri za watu.

Liko jambo moja ambalo huwashangaza hata waliozoea. Kiolezo kimefungwa vizuri, mwalimu amejaza leo, kesho anataka kusahihisha alama moja, naye akatazwa katika seli ileile ya manjano! Atakulaumu wewe, na pengine hukukosa. Aghalabu mwalimu huyo alikuwa na alama zake katika faili lake mwenyewe, akazinakili na kuzibandika kwa `Ctrl+V`. Kubandika kwa njia hiyo hakuleti namba tu. Huleta na sura ya seli ilikotoka, pamoja na kitasa chake. Seli za faili lake zilikuwa na `Locked` kama seli zote zizaliwavyo, basi alipobandika alijifungia mlango nyuma yake.

Dawa ni kubandika namba peke yake: bonyeza `Ctrl+Alt+V`, kisha `V`, kisha `Enter`. Na mwalimu asikate kwa `Ctrl+X` akahamisha alama kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Fomula huifuata seli iliyohamishwa, na mstari uliohamiwa huweza kutoa `#REF!` ijapokuwa karatasi imelindwa. Heri afute na kuandika upya.

Ukitaka kujua kama seli imejifunga, ondoa ulinzi kwa `Unprotect Sheet`, kisha katika seli tupu iliyo nje ya orodha, tuseme H5, andika:

```
=CELL("protect",C5)
```

Ikitoa 1, seli C5 ina kitasa; ikitoa 0, iko wazi. Ivute kulia mpaka I5, kisha zote mbili chini mpaka mstari wa 64, na zile 1 zitakuonyesha hasa alama zipi zilibandikwa. Chagua tena B5 mpaka D64, uondoe tiki ya `Locked` kama mwanzo, ubonyeze `F9` uone zote zimekuwa 0, ufute safu hizo za majaribio, ndipo uilinde karatasi upya na kumrudishia mwenzako faili lake.