Taa za Idi zionekane hadi Maskati

Usiku wa Idi, taa ndogo za ukutani zikitoka kama madoa meupe kwenye simu ya video, tatizo ni giza la sebule: kamera hujiongezea mwanga hadi taa zinapoteza rangi. Washa taa ya kawaida, iliyo mbele yenu, si nyuma. Kaeni hatua mbili mbele ya mapambo, simu ikiegemezwa usawa wa macho. Zima kipengele cha kutia ukungu nyuma yako, maana hufuta hayo hayo mapambo. Maandishi ya “Idi Mubarak” yakisomeka kinyume kwenye kioo chako, usiyageuze. Kwa kawaida shangazi aliyeko Maskati anayaona sawasawa. Akitaka kuliona sinia la vileja kwa karibu, hamia kamera ya nyuma. Mara nyingi ndiyo kali zaidi.